Kugeuza majukumu kuwa mafanikio kwenye wasifu wa kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu sehemu moja tu ya wasifu, ile inayoeleza ulichofanya katika kila kazi uliyowahi kushika. Mfano mmoja utatuongoza sehemu kubwa ya safari: mtunza stoo wa vipuri katika karakana kubwa. Nimemchagua yeye kwa sababu watu wengi wenye kazi kama yake huniambia kwamba hawana mafanikio ya kuandika, nami sikubaliani nao.

Kwani kuna ubaya gani kuorodhesha majukumu?

Jukumu ni kile ulichokabidhiwa. Linamhusu kila aliyewahi kushika nafasi hiyo, aliyeifanya vizuri na aliyeondolewa kwa uzembe. Mtunza stoo anapoandika "Kupokea na kukagua mizigo", anayesoma maombi hajifunzi chochote, maana anajua watunza stoo hufanya nini. Huenda yeye mwenyewe ndiye aliyeandika tangazo la kazi. Anachotaka kujua ni kitu gani kilikuwa tofauti kwa sababu ulikuwapo wewe.

Kuna njia rahisi ya kupima. Chukua mstari wowote wa wasifu wako, kisha jiulize kama mtu aliyekutangulia kwenye nafasi hiyo angeweza kuuandika bila kusema uongo. Kama angeweza, huo bado ni jukumu, hata ukiupamba kwa kitenzi kizuri kiasi gani.

Nianzie wapi? Nimeshapata orodha ya vitenzi vyenye nguvu.

Iweke kando kwanza. Wengi huanza na orodha hiyo, wakang'oa "nilikuwa na jukumu la kutunza" na kupachika "niliongoza" au "nilibuni", basi wanadhani kazi imekwisha. Kilichobadilika ni neno la kwanza tu. "Nilibuni utunzaji wa kumbukumbu za stoo" ni kauli dhaifu kuliko ile iliyokuwapo, kwa sababu sasa haieleweki.

Anza na karatasi tupu. Kwa kila jukumu, andika mambo manne: hali uliyoikuta, ulichokifanya kwa mikono yako, hali uliyoiacha, na mahali ambapo jambo hilo limeandikwa au mtu anayelijua. Andika kwa lugha ya kawaida, kama unavyomsimulia mwenzako. Kitenzi utakachokihitaji kitajitokeza katika lile jambo la pili.

Jambo la nne ndilo linalorukwa zaidi, na ndilo linalokuokoa. Namba nyingi ambazo watu hudhani hawana zipo kwenye makaratasi ya kazi: leja, ripoti za kuhesabu mali mwisho wa mwaka, hati za mapokezi, ratiba za zamu, fomu za tathmini ya utendaji, barua za malalamiko na za shukrani. Kama bado uko kazini, chukua kumbukumbu hizi sasa. Ukishaondoka, utabaki na makisio.

Naomba kuona mfano mzima, tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuseme wasifu wa mtunza stoo wetu una mistari hii:

Kupokea na kukagua mizigo inayoingia.
Kutunza kumbukumbu za stoo.
Kutoa vipuri kwa idara mbalimbali.
Kuhakikisha usafi na mpangilio wa stoo.
Kufanya kazi nyingine kama atakavyoelekezwa na msimamizi.

Tunaanza na mstari wa pili, kwa kuwa hapo ndipo stoo husimama au huanguka. Anaulizwa: ulipoingia, kumbukumbu zilikuwaje? Anasema zilikuwa mbaya. Mbaya kwa kiasi gani? Anakumbuka kwamba mwisho wa mwaka wake wa kwanza walihesabu aina 600 za vipuri, na aina 84 zilikuwa na tofauti kati ya idadi iliyoandikwa kwenye leja na idadi iliyokuwa kwenye rafu. Mwaka uliofuata, tofauti zilikuwa kwenye aina 27. Ripoti zote mbili zipo kwenye faili.

Sasa swali lenyewe: ulifanya nini katikati? Mwanzo anajibu "nilikuwa makini tu". Umakini hauandikiki. Akiulizwa zaidi, anaeleza kwamba aligundua vipuri vingi vilivyopotea kwenye hesabu vilikuwa vikichukuliwa usiku. Mafundi wa zamu ya usiku walikuwa na ufunguo wa stoo, wanachukua wanachohitaji, na kadi ya rafu haijazwi. Akaweka daftari mlangoni ambalo kila anayechukua kipuri usiku anaandika jina la kipuri, idadi na saini. Kila asubuhi aliyahamishia maandishi hayo kwenye leja. Kisha kila Ijumaa akawa anahesabu vipuri vinavyotoka kwa wingi, badala ya kusubiri mwisho wa mwaka.

Mstari unaandikika sasa:

"Nilipunguza aina za vipuri zenye tofauti kati ya leja na rafu kutoka 84 hadi 27 kati ya 600 ndani ya mwaka mmoja, kwa kuanzisha daftari la vipuri vinavyotolewa usiku na hesabu ya kila wiki."

Ulinganishe na "Kutunza kumbukumbu za stoo". Anayesoma anaona tatizo, anaona mtu aliyetafuta chanzo chake, na anaona matokeo.

Mstari wa kwanza nao una kitu ndani yake. Akipitia hati za mapokezi za mwaka mmoja, anakuta shehena 230, na 19 kati yake aliandika upungufu au kasoro kabla ya kusaini. Hiyo ndiyo maana ya kukagua: mzigo ukishasainiwa, kumdai msambazaji huwa kazi ngumu. Basi: "Nilikagua shehena 230 kwa mwaka na kubaini upungufu au kasoro katika 19 kabla ya kusaini mapokezi, hivyo wasambazaji wakafidia au kubadilisha bidhaa." Sehemu ya mwisho ataiandika tu kama kweli walifidia au kubadilisha katika shehena zote 19. Kama ni baadhi, aseme baadhi.

Mstari wa tatu hauna "kabla na baada". Hakuwahi kupima mafundi walisubiri muda gani dirishani, kwa hiyo hatakiwi kudai kwamba alipunguza muda huo. Anachoweza kueleza ni ukubwa wa kazi: "Nilihudumia idara 4 na mafundi wapatao 35 katika zamu mbili." Huu si ushindi, lakini unampa msomaji kipimo cha mambo mengine yote.

Mstari wa nne: alipanga upya rafu, vipuri vinavyochukuliwa kila siku vikawa karibu na dirisha na vile vizito vikashushwa chini. "Nilipanga upya rafu kwa kufuata kasi ya utokaji wa vipuri, mpangilio huo ukapitishwa kutumika pia katika stoo ya pili." Uthibitisho wake ni kwamba wengine waliuiga.

Mstari wa tano unafutwa. Upo katika kila mkataba wa kazi duniani na haujamsaidia mwombaji yeyote.

Kitenzi chenye nguvu ni kipi hasa?

Ni kile kinachomwonyesha msomaji kitendo kimoja anachoweza kukiona: nilikagua, nilipanga upya, nilisuluhisha, nilifundisha, nilianzisha, nilikusanya, nilifuatilia, nilijadiliana, nilihamisha, nilirekebisha. Nguvu yake haitokani na ukubwa wa sauti. "Nilifuatilia" ni neno la kawaida kabisa, lakini "nilifuatilia madeni 40 yaliyopita siku 90 na kukusanya 31" ni mstari unaosimama wenyewe.

Dhaifu ni vile vinavyokuweka karibu na kazi bila kukuingiza ndani yake: nilihusika katika, nilishiriki, nilisaidia, nilikuwa sehemu ya. Anayesoma hubaki akijiuliza, ulihusika kwa kufanya nini? Kama ulisaidia kuandaa bajeti, sema kipande chako: nilikusanya makadirio ya idara tatu, nilihakiki hesabu, niliandika maelezo ya ziada. Kipande kidogo kilicho wazi kina thamani kuliko jambo kubwa lililofunikwa na ukungu.

Kuna kitenzi kimoja ambacho ningependa kukizungumzia kwa urefu, kwa sababu kimetapakaa kwenye wasifu nyingi: nilihakikisha. Kinasikika kizito, lakini kinataja nia na kuficha kitendo. "Nilihakikisha wateja wanaridhika." Kwa kufanya nini? Kila ukikutana nacho, kifute na uandike kile ulichokuwa unakifanya ili jambo hilo lihakikishike. Huenda uliwapigia simu wateja siku moja baada ya kuhudumiwa. Huenda uliweka utaratibu wa kujibu malalamiko kabla ya siku kwisha. Mara nyingi nyuma ya "nilihakikisha" kumelala mstari mzuri ambao mwenyewe hajauona.

"Niliboresha" ni ndugu yake. Kikubali tu iwapo msomaji anaelezwa papo hapo kitu gani kilikuwa bora, na kwa kipimo gani.

Niandike "Kupunguza" au "Nilipunguza"?

Nilipunguza. Matangazo ya kazi na mikataba huandika majukumu kwa "ku-": kupokea, kutunza, kuandaa. Ukiandika hivyo, mstari wako unasomeka kama kitu kinachotarajiwa kufanyika, wala haijulikani kama kilifanyika. Wakati uliopita unasema kimekwisha na ni wewe uliyekifanya.

Kwa kazi uliyonayo sasa, tumia "ninasimamia" au "ninahudumia" kwa mambo yanayoendelea, lakini jambo lililokamilika liandike kwa wakati uliopita hata kama bado uko kwenye ajira hiyo hiyo.

Lakini kila mstari utaanza na "Nili-". Haichoshi?

Jicho la msomaji huzoea kiambishi hicho haraka na kutua kwenye mzizi wa kitenzi, kwa hiyo kinachochosha ni mzizi ule ule kurudiwa. Mistari mitatu mfululizo ya "nilisimamia" inachosha; "nilikagua", "nilifundisha" na "nilipunguza" haichoshi. Ukitaka kupumzisha jicho, unaweza kutanguliza muda au mazingira katika mstari mmoja: "Katika miezi mitatu ya kwanza, nilihamisha kumbukumbu zote kutoka daftari hadi kompyuta." Usifanye hivyo kila mahali, maana kitenzi kikisukumwa mbali sana na mwanzo, anayepitisha macho kwa haraka hatakifikia.

Kazi tuliifanya kikundi. Nitasema "nili-" au "tuli-"?

Wasifu ni wako, kwa hiyo tafuta kitendo kilichokuwa chako na ukiandikie "nili-", kisha utaje kikundi ndani ya sentensi: "Nilibuni fomu ya ukaguzi iliyotumiwa na kikundi cha watu sita kumaliza kuhesabu mali kwa siku mbili." Hapo hujapora jasho la mtu, na hujajifuta.

Uangalifu zaidi unahitajika kwenye vitenzi vya uongozi. Ukisema niliongoza, maana yake ni kwamba uamuzi ulikuwa mikononi mwako na ungebeba lawama mambo yakienda mrama. Ukisema nilisimamia, ulikuwa unaangalia kazi ya wengine kila siku. Ukisema niliratibu, ulikuwa unaunganisha watu ambao si lazima wawe chini yako. Aliyeratibu akaandika niliongoza ataulizwa maswali ya kiongozi kwenye usaili, na mdhamini wake akipigiwa simu atatoa picha nyingine kabisa.

Sina namba yoyote. Je, mstari wangu hauna thamani?

Una thamani, mradi una kitu kinachoweza kuthibitishwa. Mara nyingine namba ipo ila si ya matokeo: watu wangapi, mara ngapi kwa wiki, matawi mangapi, muda gani. Pale ambapo hata hiyo haipo, tazama kilichobaki baada yako. Utaratibu ulioanzisha na bado unatumika, fomu iliyoigwa na idara nyingine, mtu uliyemfundisha akapandishwa cheo, kazi uliyokabidhiwa juu ya cheo chako kwa sababu uliaminiwa. Hapo hata kitenzi cha kutendwa kinafaa: "Niliteuliwa kukaimu nafasi ya msimamizi wa stoo kwa miezi minne" ni mstari imara, kwa kuwa aliyekuteua ndiye anayekusifu.

Kukisia kunaruhusiwa pale ambapo unaweza kueleza ulivyokisia. Kama ulihudumia wateja 20 hadi 25 kwa siku, "wateja wapatao 20 kwa siku" ni kauli ya haki. Chukua upande wa chini wa makisio yako. Kinachoharibu ni asilimia iliyookotwa hewani. "Niliongeza ufanisi kwa asilimia 40" huvunjika kwa swali moja tu: ufanisi uliupimaje?

Asilimia inahesabiwaje, na itumike lini?

Tafuta tofauti kati ya hali ya zamani na hali mpya, gawanya kwa hali ya zamani, zidisha kwa 100. Tofauti za mtunza stoo wetu zilishuka kutoka 84 hadi 27, yaani zimepungua 57. Gawanya 57 kwa 84, unapata karibu asilimia 68.

Hapa watu hujikwaa. Ukiangalia kwa jumla ya aina 600 za vipuri, aina zenye tofauti zilikuwa asilimia 14, zikawa asilimia 4.5. Ukitoa, unapata pungufu ya pointi 9.5. Zote mbili, 68 na 9.5, ni sahihi, ila zinajibu maswali tofauti, na ukizichanganya mhasibu aliyeketi kwenye jopo la usaili atakushika. Ndiyo maana napendelea namba halisi, "kutoka 84 hadi 27 kati ya 600", popote nafasi inaporuhusu. Msomaji atajihesabia mwenyewe.

Namba zikiwa ndogo mno, achana na asilimia. Kutoka wateja wawili hadi wanne ni ongezeko la asilimia 100, lakini msomaji akigundua msingi wake ulikuwa wateja wawili, hatakuamini kwenye mistari mingine pia.

Itakuwaje kama kitu kingine kilichangia matokeo hayo?

Kiseme au upunguze dai lako. Tuseme mwaka ule ule karakana iliingiza mfumo wa kompyuta wa stoo. Mtunza stoo hawezi tena kudai kwamba daftari lake peke yake ndilo lililopunguza tofauti. Anaweza kuandika: "Nilianzisha daftari la vipuri vinavyotolewa usiku sambamba na mfumo mpya wa kompyuta, tofauti za stoo zilishuka kutoka aina 84 hadi 27." Mstari umepoteza kidogo sana, na kwenye usaili hana cha kuogopa.

Kazi yangu ni kuzuia mambo mabaya. Nikifanikiwa, hakuna kinachotokea.

Mlinzi, mkaguzi wa hesabu, ofisa usalama kazini na wengine wengi wako hivyo. Andika muda na ukubwa wa eneo ambalo hakuna kilichotokea, kisha kitendo chako: "Nilikagua mitambo 12 kila mwezi kwa miaka miwili, kipindi ambacho hapakuwa na ajali iliyosababishwa na hitilafu." Ongeza yale uliyoyakamata kabla hayajawa madhara, kama alivyofanya mtunza stoo na zile shehena 19. Kilichozuiwa mara nyingi kina karatasi yake mahali fulani.

Je, nifute majukumu yote?

Hapana. Kabla ya mafanikio, acha mstari mmoja unaoeleza nafasi yenyewe: stoo ya aina 600 za vipuri, idara 4, zamu mbili. Bila huo, msomaji wa sekta nyingine hajui ajali, tofauti au shehena ngapi ni nyingi. Na kama tangazo linataja maneno maalumu, kwa mfano "usimamizi wa stoo" au "kuhesabu mali", yaingize kwa tahajia ile ile ndani ya mistari yako. Baadhi ya waajiri hutumia programu inayochuja maombi kwa maneno, na hata mtu anayesoma kwa macho hutafuta maneno aliyoyaandika.

Mistari mingapi kwa kila kazi?

Mitatu hadi mitano kwa kazi ya karibuni, miwili au mmoja kwa zile za zamani. Kila mmoja usizidi mistari miwili ya ukurasa. Tanguliza ule unaogusa zaidi kile tangazo linachotafuta, hata kama si ule unaojivunia zaidi.

Namba za mwajiri wangu ni za siri. Nifanyeje?

Usizitoe. Ondoa fedha, majina ya wateja na mapato, tumia uwiano au asilimia: "nilipunguza gharama za usafirishaji kwa takriban theluthi moja". Kama hata uwiano unaweza kumfichua mteja, eleza kitendo na kilichobadilika bila kipimo. Mwajiri mpya akiona unamwaga siri za yule wa zamani, atajua na zake zitamwagwa.

Nitajuaje kwamba mstari umekamilika?

Usome kwa sauti mbele ya mtu asiyeijua kazi yako, kisha mwache aulize. Akiuliza "ulifanyaje?", kitendo hakijaonekana. Akiuliza "ikawaje?", matokeo hayapo. Akiuliza "hiyo ni nyingi au kidogo?", hujampa hali ya mwanzo wala ukubwa wa kazi. Rekebisha pale alipouliza tu, na majibu mengine uliyompa yaandike kwenye daftari lako pembeni, maana kwenye usaili utaulizwa yale yale.